Mafungu Mawili ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu anafua mashuka ya hospitali. Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, karibu na matangi ya maji, na ukifungua mlango mvuke unakulamba uso hata kabla hujasalimia. Vidole vyake vimekunjamana kwa dawa ya kung'arishia. Akinishika shavu nasikia kama nimepapaswa na karatasi ya msasa, lakini simwambii.

Anachotaka ni kutoka mle ndani aende wadini, awe msaidizi wa wauguzi. Anasema amechoka kuwajua wagonjwa kwa madoa yao. Kozi ipo, ila ina mtihani wa hesabu wa kuingilia, na umri una mwisho. Mwaka huu bado anapokelewa. Mwakani hapana. Hilo kila mtu nyumbani analijua, na hakuna anayelitaja.

Jioni alikuwa anasoma darasa la watu wazima, shuleni kwetu, chumba kile kile ninachosoma mimi mchana. Siku moja akarudi na karatasi ya mazoezi ya kujumlisha sehemu, imejaa mikasi myekundu ya makosa toka juu hadi chini. Akaisukuma mbele yangu kando ya sufuria.

"Profesa, hebu niambie huyu mwalimu ana kisa gani na mimi."

Swali la kwanza lilikuwa nusu jumlisha theluthi. Yeye ameandika mbili ya tano.

"Mama mdogo, hii umeipataje?"

"Moja na moja mbili. Mbili na tatu tano. Juu kwa juu, chini kwa chini. Kuna uchawi gani hapo?"

"Chini hapajumlishwi."

"Kwani pamekosa nini?"

Mama akacheka toka kwenye kochi. "Mwache mwanangu, huyo tangu utoto ukimwambia kulia anakwenda kushoto."

Mama mdogo hakucheka. Mimi nikabaki najiuliza, maana yeye si mjinga. Anakumbuka simu za watu wote kichwani. Kwa nini kosa moja, kila swali, bila hata kutetereka?

Jibu nililipata Jumamosi nilipompelekea chakula kazini. Mashuka yanateremka kutoka wadini yakiwa mafungu, na kila fungu yeye hulikagua na kuyatenga yaliyochanika. Msimamizi akachungulia mlangoni kuuliza yaliyochanika, wadi kwa wadi.

"Wanawake?"

"Mawili kati ya matano!"

"Watoto?"

"Moja kati ya matatu!"

"Jumla?"

"Matatu kati ya manane, bosi."

"Haya." Akaenda zake.

Nikasimama na bakuli mkononi, mdomo wazi. Juu kwa juu, chini kwa chini. Na ilikuwa sahihi! Miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa anajumlisha vile, na kila asubuhi anaambiwa haya. Nani angeacha?

Jioni ile nilichukua karatasi safi tukakaa sakafuni.

"Mama mdogo, leo kazini ulikuwa sahihi."

"Ahaa! Kamwambie mwalimu."

"Ngoja kwanza. Matano na matatu, yote yalikuwa mashuka tofauti, si ndiyo? Ulipoyaweka pamoja, ukawa na mashuka manane kweli. Chini paliongezeka kwa sababu vitu viliongezeka. Sasa hili swali la mwalimu lina shuka moja tu. Nusu ya shuka hilo, na theluthi ya shuka hilo hilo. Shuka halijawa mawili."

Akakunja uso. Nikamuuliza, "Nusu mkate na nusu mkate?"

"Mkate mzima."

"Kwa hesabu yako?"

Akahesabu kwa kidole hewani. "Moja na moja mbili, mbili na mbili nne. Mbili ya nne." Kidole kikasimama hewani. "Mbili ya nne si ndiyo nusu?"

"Ndiyo."

"Nimeweka nusu mbili nimebaki na nusu moja? Basi humu ndani mna mwizi!" Safari hii alicheka mwenyewe, akapiga goti langu hadi likauma.

Nikamweleza hivi: namba ya chini, ile inayoitwa asili, haihesabu vipande ulivyo navyo. Inakuambia kizima kimekatwa vipande vingapi, kwa hiyo inakuambia ukubwa wa kipande. Ya juu ndiyo inayohesabu. Na huwezi kuhesabu pamoja kipande kikubwa na kidogo ukasema ni viwili, bila kusema viwili vya ukubwa gani. Kwanza uvikate vilingane.

Nikaikunja karatasi sehemu mbili sawa kwa urefu, nikaifungua, nikaikunja tena sehemu tatu sawa kwa upana. Ilipofunguka ilikuwa na vyumba sita.

"Nusu ni vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Theluthi?"

Akagusa kimoja kimoja. "Viwili."

"Vyote?"

"Vitano." Akainua macho. "Vitano vya sita. Sita inabaki pale pale, kwa sababu vyumba ni vile vile sita."

Sijui nieleze vipi uso wake. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nyumba nzima ilikunjwakunjwa: bahasha, magazeti, hata kitambaa cha meza. Nilimfundisha na njia ya kujikagua: ukijumlisha, jibu lisiwe dogo kuliko ulichoanza nacho. Mbili ya tano haifiki hata nusu. Karatasi za mwalimu zikaanza kurudi bila mikasi. Mama akaacha utani. Mama mdogo akaanza kuuliza bei ya viatu vyeupe.

Siku ya mtihani nilimsubiri getini. Walitoka wakiongea kwa sauti, yeye akatoka wa mwisho, mkoba kifuani.

"Vipi?"

"Twende."

Tulipofika kona ndipo akaniambia. Hesabu za sehemu zilikuwa nyingi, na zote alizifanya kwa kukunja pembe ya karatasi, zote alizipata. Moja ilisema mgonjwa amekunywa nusu ya chupa ya dawa asubuhi na theluthi yake jioni. Akaandika tano ya sita. Akamaliza mapema. Halafu msimamizi wa mtihani akasimama mlangoni, akasema kwa sauti, "Kagueni tena. Jumla zenu ziko sawa?"

"Aliposema jumla," akasema mama mdogo, "nikamwona bosi pale mlangoni. Nikatazama ile chupa. Asubuhi fungu moja, jioni fungu jingine. Nikaona nimejipumbaza."

"Ukafanyaje?"

"Nilifuta. Nikaandika juu kwa juu, chini kwa chini."

"Hiyo moja tu?"

Gari la taka likapita, tukasubiri lipite.

"Ukishafuta moja, mwanangu, unaziachaje nyingine?"

Nilitaka kumuuliza kuhusu kujikagua, mbona hakukumbuka kwamba mbili ya tano haifiki nusu. Nilipomtazama mikono nikaacha.

Matokeo yalipotoka hayakumshangaza mtu. Mwalimu wa jioni alisema pole, anajitahidi sana, ila kwa umri ule hakuna tena la kufanya. Mazoea yana taabu, akasema mama, na safari hii hakuwa anatania.

Jumamosi nilimpelekea chakula kama kawaida. Mvuke ule ule. Amepiga magoti kati ya mafungu mawili, na msimamizi amesimama mlangoni.

"Wanaume?"

"Moja kati ya mawili."

"Upasuaji?"

"Moja kati ya matatu."

"Jumla?"

Nikaona vidole vyake vinakunja pembe ya shuka, sehemu mbili, kisha sehemu tatu, kisha vikaliachia.

"Mama, jumla?" msimamizi akarudia.

"Mawili kati ya matano, bosi."

"Haya," akasema yule, akaenda zake.