Makato ya Mshahara wa Kwanza

Tulikubaliana laki nne. Mshahara wangu wa kwanza pale kwenye kiwanda cha chai ukaingia ukiwa umepungua elfu arobaini na saba na mia mbili. Nilimvamia mhasibu bila hodi.

"Mnanikata kama mnavyomkata mama yangu! Akiwaletea majani ya chai kupima, mnamkata kilo eti yana maji!"

"Elfu arobaini ni mchango wako wa pensheni," alijibu taratibu. "Mwajiri naye anakuwekea kiasi hichohicho. Elfu saba na mia mbili ni kodi ya serikali, inakatwa baada ya mchango kutoka."

Jioni, nyumbani kijijini Suma, nilimsimulia mama huku bado nimefura. Aliendelea kukung'uta kapu lake la chai.

"Mimi wamenikata miaka yote," alisema. "Nani ameniwekea?"