Barua ya Iribagiza na Daftari la Daktari

Daktari Rutayisire ana barua moja tu ya mapendekezo, na mimi, katibu wake, nimeipiga chapa miaka tisa. Kila daktari wa mafunzo anayetuaga ni "mchapakazi, mnyenyekevu, hufika kwa wakati". Mimi hubadilisha jina. Mwaka jana nilisahau kubadilisha neno moja, na Habineza, pamoja na ndevu zake zote, akapeleka barua Kigali ikimsifu kuwa binti mnyenyekevu.

Safari hii ilikuwa zamu ya Iribagiza, aliyeomba kusomea ubingwa wa uzazi. Fomu yake haikutaka sifa. Ilitaka msimamizi aeleze, kwa tarehe, uamuzi mmoja wa mwombaji aliouona mwenyewe ukimsaidia mgonjwa. Mwisho wa kuituma ulikuwa siku hiyo saa kumi na moja, na bila mfano huo ombi lisingesomwa. Msichana alikaa kwenye benchi nje ya mlango wetu, bahasha mapajani.

"Nadra, andika ni mnyenyekevu," Daktari akasema. Amekulia Karagwe, Tanzania; Kiswahili chake kimenyooka kuliko kazi yake.

"Docteur, banaomba mufano. Donc, tutafute mu daftari yenu ya stagiaires."

Daktari huandika humo habari za madaktari wake wote wa mafunzo anapowaangalia wodini. Nikasoma ya tarehe 14 Machi kwa sauti:

"Mama, maumivu ya tumbo, kizunguzungu. Nimesema vidonda vya tumbo, apewe dawa, aende nyumbani. Iribagiza amebisha mbele ya wauguzi. Amepima mkojo: ana mimba. Ultrasound: kizazi kitupu, damu tumboni. Mimba imetunga nje. Amepasuliwa mara moja. Mama mzima. Iribagiza hana adabu."

Nilicheka. Nakiri.

"Andika kwamba niligundua mimi, yeye akanisaidia."

"Docteur, hapana. Ile mama iko muzima juu ya kazi ya nani?"

Akanitazama kama nimemwagia chai koti lake jeupe. Nikamsomea mstari wa chini wa fomu: kamati yaweza kuomba faili ya mgonjwa. Katika faili hiyo dawa ya vidonda imeandikwa kwa mkono wake na saini yake ndefu. Akavuta daftari. Kisha akafuta "hana adabu" mwenyewe, akanisomea mengine yote neno kwa neno niyachape, akasaini kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Nikaichapa tena, akasaini taratibu. Iribagiza aliituma saa kumi na dakika hamsini, na mimi nikamwombea kwa Mungu wangu.

Alipata nafasi. Tangu siku hiyo Daktari hanywi chai bila kutuhutubia: "Mimi huwafundisha vijana wanibishie! Ndiyo siri!" Wauguzi hutazama vikombe vyao.

Jumatatu iliyopita daktari mpya wa mafunzo, Narcisse, alimwambia Daktari kwa upole kwamba kipimo cha dawa alichomwandikia mtoto ni kikubwa mno. Kikapunguzwa. Jioni nikafungua daftari.

"Mtoto anaendelea vizuri. Narcisse ana kiburi."