Kimya Kilichomezwa na Simu

Msusi wetu ana mikono miepesi, na mdomo mwepesi kuliko mikono. Siku za wateja wachache hufunga mlango wa saluni, huweka kinasa sauti juu ya meza ya mafuta na kumhoji mtu maisha yake, kisha huyatoa kwenye podikasti yake. Husikilizwa na wengi. Mimi ni jirani yake, na siri za mtaa huu zilizobaki ni chache.

Siku moja alimhoji dada yake mkubwa, fundi cherehani. Hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwa adabu tu tangu mama yao afariki. Mama alipougua, Msusi alikuwa mbali akijifunza kazi, na Fundi akamuuguza peke yake hadi mwisho. Katika mahojiano Msusi alimuuliza wazi: "Dada, unanilaumu kwa kuondoka?"

Kipindi kilipotoka, Fundi akaja saluni na simu mkononi na uso umekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi. Nilikuwa kwenye kiti, nywele nusu zimesukwa. Akasema mdogo wake amemkata maneno. Kipindi kimeandikwa dakika arobaini, lakini kwake kilikwisha mapema, kabla hajamaliza hata kushona mikono ya gauni moja. Na lile swali! Alipoulizwa, alikaa kimya sana, akasema jambo, ndipo akajibu "hapana". Kwenye simu, "hapana" ile ilidaka swali hewani, kama mtoto aliyekariri jibu.

"Umenifanya kasuku, mdogo wangu," akasema. "Lililokuuma umelitupa."

Msusi akaapa kwamba hakugusa kitu ila salamu za mwanzo. Mimi sikumwamini. Mtu anayejulikana kwa kufuta kikohozi cha wageni wake, ashindwe kufuta aibu yake? Lakini hata Fundi nilimtilia shaka, maana mwenye kinyongo husikia asichoambiwa.

Nikasema maneno hayajengi, wawashe simu zote mbili kwa pamoja. Wakaziweka chini ya kioo. Sentensi za mwanzo zilikwenda sawa, kisha simu ya Fundi ikaanza kutangulia. Kila alipotua kuvuta pumzi, na Fundi hutua kama mtu apandaye ngazi, simu yake iliruka ile nafasi na kukamata neno linalofuata. Na sauti ilikuwa nzito, ya karibu, wakati ile ya Msusi ilinong'ona kwa mbali.

Msusi akaichukua simu ya dada yake, akafungua mipangilio ya programu. Swichi mbili zilikuwa zimewashwa. Moja ya kukuza sauti za wasemaji, nyingine ya kupunguza kimya. Akamuuliza nani aliziwasha.

Fundi akanywea. Alisema yeye husikiliza cherehani ikinguruma, na maneno yalikuwa yanazama. Akatafuta pa kuyakuza, akakuta swichi mbili jirani, akawasha zote kwa usalama, kama anavyoshona mshono mara mbili.

Basi kipindi kilikuwa kizima. Kukuza sauti hakukufupisha hata kidogo. Ni ile swichi ya kimya iliyokuwa ikimeza mapumziko wakati wa kusikiliza. Msusi akacheka, cheko la mtu aliyetolewa rumande.

"Usicheke bado," Fundi akasema. "Zima ya kimya. Hiyo ya sauti iache. Nipeleke kwenye swali."

Swali likaja. Kisha kimya, kirefu, hadi tukasikia feni ya saluni ikivuma ndani ya simu, maana kukuza sauti hakuchagui, huinua na uchafu. Halafu ndani ya kimya kile, chini kabisa, sauti ya Fundi akiwa amegeuza uso: "Kila siku." Ndipo akasema, kwa nguvu, "Hapana."

Kumbe simu ya Fundi ilikihesabu kile kinong'ono kuwa kimya, ikakiruka. Kwenye simu ya Msusi, isiyokuzwa sauti, hakikusikika. Au ndivyo alivyosema Msusi.

Msusi aliweka kitana chini. Alimvutia dada yake kiti, akasema kwa sauti ndogo, "Niambie hizo siku, dada. Leo sirekodi." Fundi akaketi, akaanza kumweleza jinsi mama alivyokuwa akiita jina la yule asiyekuwepo.

Nikatoka na nusu ya nywele zangu, kwani pale sikuhitajika. Wakapatana, na nafurahi. Ila nikipita dirishani na kumwona Msusi akihariri, masikio yamefunikwa na vile visikilizi vyake vikubwa vinavyonasa hata nzi akitua, huwa najiuliza kama kweli hakuwahi kukisikia kile kinong'ono.