Nafasi Tupu Kwenye Wasifu wa Dada

Miaka ile ya biashara huria zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa hadi Singida mjini, na mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka dogo pale Kiomboi. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Barua za Kiswahili nilizimudu; za Kiingereza nilichapa herufi moja moja, mteja akinitajia.

Siku moja mteja alikuwa dada yangu, fundi wa maabara. Daktari mmoja mstaafu alikuwa anafungua zahanati yenye maabara huko mjini, na alitaka mtu mmoja tu. Dada aliitaka nafasi hiyo kwa sababu mama alikuwa mgonjwa wa miguu, na kutoka Singida angeweza kupanda basi kuja kumwona kila mwisho wa juma.

"Usikimbie, mdogo wangu," alisema, akivuta kigoda. "Karatasi ikichafuka tunaanza upya."

"Mimi nikimbie? Mwenye duka ananiita kobe."

Tulianza wasifu wake na chuo na cheti, kisha namba yake ya usajili, ambayo aliihakikisha mara mbili, maana bila hiyo hakuna maabara inayokupokea. Yakafuata mafunzo kwa vitendo: hospitali ya wilaya, kisha kituo cha afya cha vijijini ambako walimbakiza kwa mkataba. Halafu vipimo: malaria, makohozi, choo, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu na kuoanisha damu kabla mgonjwa hajaongezewa.

Tukafika kwenye ukaguzi wa ubora. Dada akanizuia mkono.

Nilijua kazi hiyo aliifanya, kwa sababu nyumbani alituchosha kwa kuisimulia. Rangi mpya ya kupaka sampuli ikichanganywa, kwanza anaijaribu kwenye kioo chenye tone la damu kinachojulikana kina vimelea na kingine kinachojulikana ni safi. Vioo alivyosoma msaidizi, vya wagonjwa na vya wazima, anachagua baadhi na kuvisoma tena bila kuangalia jibu la kwanza. Majibu yakigongana, kioo kinarudi kwenye darubini.

"Andika nilisaidia," alisema.

"Si wewe uliyekuwa unasoma?"

"Ni kazi ya mzee."

Mzee alikuwa mkuu wa maabara ya kile kituo cha afya, ndiye aliyemfundisha kushika kioo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kwa zaidi ya mwaka dada alisoma vioo vya marudio, mzee akaweka sahihi, na wengine hawakuambiwa.

"Serikali inapunguza watu," dada alisema kwa sauti ndogo. "Nikiandika ni mimi, watauliza yeye alikuwa anafanya nini. Nimvue nguo mzee wa watu kwa ajili ya ajira?"

"Basi kamuulize."

"Nimwulize nini? Shikamoo mzee, je, huoni?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikachapa alivyotaka: mstari mmoja, na chini yake nafasi tupu.

Aliitwa kwenye usaili. Alirudi na basi la jioni, viatu mkononi. Daktari alikuwa ameweka kidole palepale. "Hapa kwangu utakuwa peke yako," alimwambia. "Ulisaidia kufanya nini hasa?" Dada alijibu kwamba alikuwa akimpangia mkuu vioo. Daktari alimshukuru vizuri. Nafasi akapewa kijana mwingine.

Baada ya hapo dada alipata kazi Mtwara, kusini kabisa. Mama alimfungia karanga, akakaa kitandani akisikiliza honi ya basi mpaka ikapotea.

Hazikupita wiki nyingi, mzee mwenyewe akaingia dukani, mjukuu akimshika mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nichapie barua kwa yule daktari wa Singida. Nimesikia dada yako aliomba kazi kwake."

Akaanza kutaja, nami nikachapa: kwamba ukaguzi wa ubora wa maabara yake ulifanywa na dada, kwa mkono wake na macho yake. Mikono yangu ikasimama.

"Mzee, si watakufukuza?"

"Watamfukuza nani? Nilishawaambia wakubwa macho yamekataa, kabla hata dada yako hajaomba kazi hiyo. Nangoja kiinua mgongo tu. Kwani yeye hakuja kuniuliza?"

Nilimwambia tu kwamba nafasi imeshapata mtu, na kwamba dada yuko Mtwara.

Mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.

"Alikuwa anaogopa kunitia aibu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mtoto yule. Angeniuliza tu."

Akaniomba nimalizie barua, iende kwa dada huko huko Mtwara, aitumie akiomba kazi nyingine. Niliimaliza polepole, bila kosa hata moja, nikaishika karatasi na kukiongoza kidole chake hadi mahali pa kuweka sahihi. Mama alikuwa bado anauliza kila Ijumaa kama kuna basi la kutoka kusini.