Mshahara wa Miezi ya Mvua

Mume wangu alikufa kwa homa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Aliniachia duka la magodoro pale Mlandege, cherehani moja, na fundi mzee aliyekuwa akishona naye tangu kabla mimi sijaolewa. Mtoto hatukujaaliwa. Nilikaa eda katika chumba cha nyuma, na kwa kuwa mikono ilikuwa haina la kufanya, nilimwomba jirani aniingizie magunia ya sufi, nikawa nachambua. Sufi haina sauti. Unafungua tunda lake lililokauka, unaitoa ile pamba yake nyepesi, unatafuta mbegu kwa ncha za vidole, unazitupa pembeni. Ukiacha mbegu, godoro linakuwa na vijiwe na panya wanalifuata. Nilichambua asubuhi, nilichambua baada ya adhuhuri, na siku zikapita hivyo hivyo, nikisikia upande wa pili wa ukuta sindano ya fundi ikipenya kitambaa kizito.

Eda ilipokwisha nilitoka nikakaa dukani. Watu walidhani nitauza. Sikuwa na pa kwenda na zile fedha, na wala sikujua ningeamka asubuhi kufanya nini. Basi tukaendelea wawili. Mimi nachambua, napima, najaza. Fundi anashona mdomo wa godoro, kisha analipitishia sindano ndefu huku na huku ili sufi isikimbilie upande mmoja. Nilimlipa kwa kipande, kama alivyokuwa akilipwa zamani: godoro likikamilika, ujira wake tayari. Alikuwa mtu mwema lakini si wa maneno. Akifika nitampa shikamoo, ataitikia marahaba mwanangu, na baada ya hapo tunaweza kufika alasiri bila ya neno jengine.

Ijumaa tu ndiyo nilikuwa na mgeni. Shemeji yangu, ndugu yake marehemu, alikuwa akipita baada ya sala na kipande cha samaki, anakaa, tunakula, anazungumza habari za mji. Naye alikuwa mshonaji, lakini tajiri wake alikuwa ameondoka Unguja na duka limefungwa.

Kazi ikaanza kuongezeka. Nyumba mpya zilikuwa zikijengwa Ng'ambo, watu wanahama, na harusi zilikuwa haziishi. Nilianza kuwarudisha wateja. Mtu anakuja kutaka godoro la mwanawe anayeoa mwezi huo huo, namwambia siwezi, naye anakwenda zake. Kila aliyekaa barazani kwangu alikuwa na shauri moja: niajiri fundi wa pili. Na shemeji akalisema wazi Ijumaa moja. Alitaka kuja kushona, mshahara wa mwezi, kama fundi mkuu.

Nilimwomba anipe muda. Wala haikuwa kwa kumdharau. Nilikuwa nimesoma skuli ya wasichana mpaka darasa la mwisho walilotufikishia, na hesabu ndiyo iliyokuwa ikinistarehesha kuliko yote. Nikaamua kwanza nitazame kazi yenyewe inakwama wapi. Nilichokiona hakikuwa kile watu walichokuwa wakinambia. Fundi mzee alikuwa akimaliza godoro, kisha anakaa kibarazani na kikombe cha kahawa, anasubiri. Ananisubiri mimi. Sufi safi ilikuwa haijafika, kwa sababu mchambuaji ni mmoja, na huyo mmoja ndiye pia anayejaza, anayepokea wateja na anayekwenda kutafuta kitambaa. Ningemleta mshonaji wa pili, wangesubiri wawili, na mmoja wao ningemlipa mshahara wa mwezi mzima kwa kusubiri huko.

Nilichohitaji ni wachambuaji. Kazi yao inafundishika kwa siku chache, ujira wake ni mdogo kuliko wa mshonaji, na inalipika kwa ratli: unapima sufi safi, unatoa haki ya mtu. Kazi ikipungua, malipo yanapungua pamoja nayo.

Nilimweleza shemeji haya yote Ijumaa iliyofuata. Nilimwambia magodoro yakizidi uwezo wa fundi mzee, yeye ndiye wa kwanza nitakayemwita, kwa kipande, kwa ujira ule ule wa fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono.

"Kwa kipande," akasema. "Kama mtu wa kupita njia."

"Kama fundi wangu, shemeji."

"Kaka yangu angekuwa hai, usingenihesabia."

Hakupandisha sauti. Alitoka, na Ijumaa nyengine hakuja. Nilipika kama kawaida, nikafunika, nikala baadaye peke yangu. Sikukuu ilipofika nilikaa na sahani ya tambi na buli la chai mpaka magharibi, na hakuna aliyebisha hodi.

Wachambuaji nilipata wawili. Mmoja alikuwa bibi wa jirani. Wa pili alikuwa mwanamke kijana, ameachwa, ametoka shamba kuja kuishi na shangazi yake nyuma ya Darajani. Huyu ndiye aliyebadilisha nyumba. Walikaa uani chini ya paa la makuti, wamejifunga kanga puani kwa sababu ya vumbi la sufi, na hata kupitia kanga ile alikuwa haachi kuzungumza. Alisimulia habari za wakwe zake wa zamani, akaigiza sauti zao mmoja mmoja, mpaka yule bibi akajifuta machozi kwa kicheko. Alhamisi nilikuwa napima na kulipa. Fundi mzee hakukaa tena kibarazani. Aliingia mapema, akatoka amechoka, na ujira wake wa wiki ukawa mzito kuliko zamani ingawa sikumwongezea hata senti kwa kipande. Nikaacha kuwarudisha wateja. Na mimi, niliyekuwa nimezoea kuisikia sindano tu, nikawa natafuta sababu ya kwenda uani.

Kisha masika yakaingia. Watu wakaacha kununua magodoro. Harusi zilipungua, na matope yalijaa vichochoroni. Sufi nayo ilikuwa ikivuta unyevu, haichambuki vizuri. Nilikuwa na ratli chache za kuwapa, halafu sikuwa na kitu. Yule kijana alikuja siku ya mwisho kupokea haki yake, akasimama mlangoni huku amejifunika buibui.

"Dada," akanambia, "mie sitaki kingi. Nataka nijue nnapata nini mvua ikinyesha."

"Unataka mshahara wa mwezi."

"Hata ukiwa mdogo kuliko nnaopata msimu wa harusi. Niwe najua tu."

Nikamwambia nitatazama.

Usiku ule nilipiga hesabu yangu mara nyingi kuliko ilivyostahiki, kwa sababu nilitaka inipe jibu jengine. Mshahara wa mwezi hauangalii harusi. Unadaiwa mwezi wenye magodoro mengi na mwezi usio na hata moja. Basi swali lilikuwa: katika miezi mibaya, nikishanunua kitambaa na kumlipa fundi, kinachobaki kinatosha kumlipa mtu mwengine? Hakikutosha. Kilikuwa hakinitoshi mimi mwenyewe. Ningeweza kumlipa kwa akiba, lakini akiba ingekwisha kabla mvua hazijaisha, na hapo ningekuwa nimemwahidi mtu chakula kisha nikamnyang'anya. Nilijua pia kwamba nusu ya hamu yangu ilikuwa ni sauti yake uani. Na haikuwa haki yeye ndiye ailipie hamu yangu hiyo.

Nilijiwekea kanuni mbili. Nitaajiri kwa mwezi siku nitakapokuwa na kazi ya mwaka mzima, inayolipa mshahara huo hata nisipouza godoro. Na kabla ya hapo niwe nimeshatenga mishahara ya miezi mitatu, isiyoguswa. Nilimwambia hivyo waziwazi. Aliitikia kwa kichwa, akasema kiangazi atarudi. Na kweli alirudi.

Mwaka uliofuata ilikuja oda kubwa ya bweni la wanafunzi. Wengi walidhani sasa nitajaza duka watu. Niliiangalia ile kazi: ilikuwa na mwanzo na mwisho. Nikachukua vibarua wa siku, nikawaambia tangu asubuhi ya kwanza kwamba magodoro ya bweni yakitoka na kazi imekwisha. Nilituma salamu kwa shemeji kwamba kazi ya kushona ipo, kwa kipande. Hakujibu. Magodoro yalitoka, vibarua wakaenda zao, na katika faida nikatenga ile mishahara mitatu. Yule kijana alichambua oda yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na mvua zilipoanza aliondoka tena.

Masika yale yalikuwa marefu. Fundi alipata kikohozi akawa anakuja siku moja, siku mbili haji. Nilikaa dukani na mlango nusu wazi, natazama maji yakipita barabarani, na siku nyengine mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa muuza mkate wa jioni.

Mvua zilikuwa hazijaisha alipokuja msimamizi wa stoo ya hospitali. Mito ya wagonjwa ilikuwa inachakaa haraka, inafuliwa, inaoza. Alitaka mito mipya kila mwezi, mwaka mzima. Nilimwuliza mara mbili kama ni kila mwezi. Sufi ya mito ningeichambua kiangazi na kuiweka kavu magunia yakiwa yamefungwa, kisha naijaza taratibu wakati wa mvua. Nilikokotoa: kitambaa, sufi, kipande cha fundi, na baada ya hapo mshahara wa mtu mmoja wa kuchambua, kujaza, kupima na kukaa dukani ninapotoka. Ulitoka, na kidogo kikabaki. Hata hivyo nilisubiri mpaka hospitali ikalipa mito ya mwezi wa kwanza na wa pili, nione kama inalipa kwa wakati.

Nilipovaa buibui kwenda kwa shangazi yake nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua miaka kadhaa. Shangazi akanambia yuko skuli, anafagia. Nikamfuata huko. Nilimkuta anakung'uta mkeka penye ngazi, na alipoiona sura yangu alijua nimekuja kwa lipi.

"Sasa naweza," nikamwambia. "Kila mwezi. Mvua au jua."

Aliushusha mkeka chini.

"Nilikusubiri masika mawili, dada. Sasa nshapata. Hapa wananilipa mwezi ukiisha, na likizo wananilipa."

Nilimwuliza kama ningeongeza. Alitikisa kichwa, si kwa ukali. Alinambia mimi ni mmoja, nikiugua duka linafungwa. Hilo nilikuwa sijalitia katika hesabu, na alikuwa amesema kweli. Alinishika mkono, akaniuliza habari za fundi na kikohozi chake, kisha kengele ikalia, watoto wakatoka madarasani, akarudi kazini.

Nilimwajiri mjane mmoja wa Kikwajuni. Alikuwa na mikono mepesi na alipima kwa uaminifu, na kila mwisho wa mwezi nilimlipa, mvua au jua, bila kugusa ile akiba. Magodoro yalizidi, na baadaye nikachukua mshonaji wa pili, mgeni kutoka Makunduchi, baada ya shemeji kukataa mara ya tatu. Duka lilisimama vizuri. Yule mjane alikuwa na kawaida ya kuchambua huku anasoma nyiradi kimoyomoyo, midomo inacheza, sauti haitoki. Sikumlaumu. Alasiri za mvua tulikaa hivyo, wanne katika chumba kimoja, kila mtu na kazi yake mikononi, na mimi nikiinua kichwa kila nyayo zilipopita mlangoni.