Vikato Vitatu vya Mwelu

Siku ya kwanza Mwelu kupanda ngazi za duka la Mumo, pale mjini Machakos, hakuanza na salamu. Alisimama mlangoni na gunia begani, akaitazama ile mashine ndefu ya kuchapa iliyokuwa imetoa karatasi kama ulimi, kisha akauliza, "Hii ndiyo inakula karatasi za watu?"

"Inachapa, mwaitu. Haili," alisema Mumo, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na anayeilisha ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi niongee na wewe. Mashine siwezi bishana nayo."

Akashusha gunia. Ndani yake mlikuwa na patani, zile karatasi za kuongoza mkasi, za tuniki za wasichana wa shule, saizi ishirini na mbili mpaka thelathini na mbili, zote zimekatwa kutoka mifuko ya saruji na kutungwa kwa kamba ya katani kama samaki. Karatasi nyingine zilikuwa bado zina unga wa kijivu. Mwelu alikuwa amekata sare kwa patani hizo miaka ishirini na sita, katika kibanda chake kwenye barabara ya Kalama, na hakuna aliyewahi kuziona nje ya kibanda hicho.

Kilichomtoa kibandani kilikuwa shule moja ya Kithimani. Walitaka tuniki mia moja na themanini kabla ya muhula kufunguliwa. Kwa mkasi wake Mwelu angekata mpaka wasichana waolewe. Mahad, muuza vitambaa, alikuwa na meza ya kukatia kule Athi River na kisu cha umeme kinachopita kwenye rundo la kitambaa kwa mpigo mmoja, ila alikuwa amemwambia wazi kwa simu: "Mama, niletee patani imechapwa, mistari iko safi. Mfuko ya saruji sitaki juu ya meza yangu." Na kamati ya shule ilitaka kuona sampuli tatu Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Sampuli zikikataliwa, kazi ingeenda kwa mfanyabiashara wa Nairobi, na Mwelu angerudi kushona vifungo.

Mumo alimweleza kwamba anatoza kwa kila kipande anachoingiza kwenye kompyuta na kuchapa. Mwelu akachomoa mfuko wa tuniki, kijikaratasi kisichozidi kiganja, akamwekea mezani.

"Hiki nacho ni kipande?"

"Ni kipande."

"Na hii ya mbele, ndefu hivi, pia ni kipande?"

"Pia."

"Kwa hivyo ukinunua mbuzi na kuku, unalipa sawa kwa sababu kila mmoja ana kichwa?"

Mumo alikuwa mtu wa kujisifu kwamba hajawahi kutoa kitu bure tangu afungue duka. Kabla chai iliyokuwa mezani haijapoa alikuwa ametoa mifuko yote sita bure. Alipofika kwenye vipande vya kuzungushia shingo, Mwelu alidai kwamba hivyo pia ni mifuko, ila vimejinyoosha. Wakakubaliana nusu bei. Kisha Mumo akamwambia aziache patani, arudi kesho.

"Nitakaa," alisema Mwelu, akavuta kiti. "Ng'ombe akikamuliwa, mwenyewe anashika kamba."

Mumo akaanza kazi. Alibandika kipande cha kwanza juu ya ubao wake mpana wenye nyaya ndani, akauweka mstari wa uelekeo wa uzi, unaoonyesha nyuzi za kitambaa zilale vipi, sambamba na ukingo wa ubao, akashika kipanya chenye kidirisha na alama ya msalaba katikati. Akazunguka ukingo wa karatasi nukta kwa nukta: kitufe kimoja kwa kona, kingine kwa mkunjo, cha tatu kwa vikato, yaani zile alama ndogo zinazomwambia mshonaji wapi pakutane na wapi. Kila alipobonyeza, nukta ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, na mwishowe kipande kizima cha mfuko wa saruji kikawa mstari mweupe kwenye weusi.

Mwelu alitazama kwa muda, akachoka. "Ni kama kuangalia mtu akihesabu mchele." Akateremka kutafuta nyuzi sokoni.

Ni katika saa hiyo moja Mumo alipofanya makosa yake yote mawili.

La kwanza lilitokana na akili nyingi. Kwenye kioo aliona kwamba ubavuni, juu karibu na kwapa na chini kwenye pindo, kila kipande kilikuwa na vikato vitatu vilivyofuatana, vikiachana sentimita moja moja. Cha ndani kabisa kilikuwa sentimita tatu kutoka ukingoni. Mumo alijua kwamba nafasi ya mshono ni sentimita moja. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo programu ilivyopenda. Akacheka peke yake. Mama wa watu, alifikiri, mkasi umemteleza miaka ishirini na sita. Akaacha kikato cha ndani, akavifuta viwili vya nje, akausogeza ukingo mpaka ukabaki sentimita moja kutoka mshononi. Akafanya hivyo mbele na nyuma, saizi zote sita. Ilipendeza kweli.

La pili lilitokana na uvivu. Karatasi yake ya roli ilikuwa na upana wa sentimita tisini na moja, na vipande alivyovipanga vilichukua tisini na nne. Kompyuta ikamuuliza kama ipunguze itoshe. Mumo, akiwaza chakula cha mchana, akabonyeza ndiyo.

Mwelu aliporudi alikuta saizi ishirini na nane imechapwa na kukunjwa vizuri. Akaikunjua sakafuni, akaipangusa kwa kiganja.

"Imekonda," alisema.

"Karatasi ni nyeupe, mwaitu. Macho yanadanganya."

Mwelu alikuwa ameona mraba mdogo kwenye kona, umeandikwa sentimita kumi kwa kumi. "Hii ni ya nini?"

"Ni ya kupimia kama uchapaji umetoka saizi kamili."

"Uliipima?"

Mumo akakohoa. Mwelu akatoa futikamba shingoni, akapiga magoti, akapima. Tisa nukta saba. Akapima upande wa pili. Tisa nukta saba.

"Kumi yenu ya hapa mjini ni ndogo," alisema. "Au mmepandisha bei ya sentimita?"

Mumo alivipanga upya vipande kwa kuvisogeza, bila kuvizungusha, ili uelekeo wa uzi usipotee, mpaka vikaingia ndani ya tisini na moja. Akakataa kupunguza, akachapa tena. Safari hii alipima yeye mwenyewe kabla karatasi haijakatwa. Kumi kwa kumi. Akaileta kama anayeleta cheti.

Mwelu akalaza patani yake ya saruji juu ya ile mpya. Shingo ikakaa. Bega likakaa. Ubavuni, saruji ilitokeza nje upana wa kidole.

"Nyama iko wapi?" aliuliza.

"Nyama gani?"

"Hapa ubavuni. Umenyoa."

"Nilirekebisha. Ulikuwa na vikato vitatu mahali pa kimoja."

Mwelu akaketi kwenye sakafu hiyo hiyo, akanyoosha miguu. "Kijana, wewe uko na mtoto?"

"Bado."

"Inaonekana. Mzazi wa Kithimani akinunua tuniki, hanunui ya mwaka mmoja. Kikato cha ndani ni mwaka huu. Msichana akinenepa, mama anafungua mshono, anashona kwa kile cha pili. Mwaka wa tatu, cha mwisho. Kila mara nguo inapata sentimita nne kiunoni, na hakuna mtu amenunua kitu. Wewe umefuta miaka miwili ya mtoto wa mtu kwa kidole."

Mumo alihesabu kimoyomoyo. Sentimita moja mbele, moja nyuma, mbavu mbili. Nne kweli. Aliona pia jambo jingine, kwamba kamati ya Kithimani ingeigeuza sampuli ndani nje, ikute kitambaa kimekatwa kwa ubahili, na kazi ingekwenda Nairobi. Na lawama ingebaki hapo dukani.

Akarudisha ukingo. Akavirudisha vikato vyote, na safari hii akachora ndani ya kila kipande mistari mitatu ya nukta nukta kutoka kikato cha kwapani mpaka cha pindoni, mmoja kwa kila mwaka. Ilikuwa nzuri kuliko ya saruji, na Mwelu aliiona hivyo, ingawa alichosema ni, "Sasa inafanana."

Lakini Mumo hakuwa mtu wa kushindwa mchana kutwa. Kabla ya kuchapa alifanya alichopaswa kufanya tangu asubuhi: aliulaza ubavu wa mbele juu ya ubavu wa nyuma kwenye kioo, akautembeza mmoja juu ya mwingine kuanzia kwapani kwenda chini, kama mtu anayelinganisha kamba mbili. Saizi zote zilifika pamoja, isipokuwa ishirini na nane. Pale, ya mbele ilizidi kwa sentimita moja na nukta nne.

"Mwaitu, njoo uone nyama nyingine."

Mwelu akaja, akatazama. "Hiyo ni kompyuta yako."

"Unaishonaje hii saizi?"

"Kama zingine. Unavuta kidogo ya nyuma na kidole, zinakutana."

"Na hizo zingine unavuta?"

"Ndila ndiye hushona ishirini na nane," alisema Mwelu hatimaye. Ndila alikuwa mpwa wake. "Kila mwaka pindo linapanda nyuma. Nimemgombeza sana huyo msichana."

"Kule kwa Mahad sampuli itakatwa na kisu. Kisu hakina kidole."

Mwelu hakukubali upesi. Alidai kwamba ni ya mbele iliyo ndefu, ikatwe. Mumo akapima ishirini na sita na thelathini: kutoka saizi moja hadi nyingine urefu uliongezeka sentimita mbili na nusu, mbele na nyuma, bila kukosa. Ya mbele ya ishirini na nane ilikuwa katikati kabisa. Ya nyuma ndiyo iliyopungua. Mwelu akaichomoa kwenye kamba, akaitazama upande wa chini. Ukingo wa pindo ulikuwa mpya kuliko kingo nyingine.

"Panya," alisema. "Walitafuna, nikanyoosha na mkasi. Nilidhani nimenyoosha kidogo."

Mumo akashusha pindo la nyuma kwa moja nukta nne, akatembeza tena, zikafika pamoja.

Walipofika kwenye malipo, Mumo alitaka karatasi mbili zilizoharibika zigawanywe. Mwelu akasema makosa mawili ni ya Mumo na moja ni la panya, kwa hivyo amdai panya. Halafu akataka faili zote kwenye flashi na zifutwe kwenye kompyuta, asije akazikuta kwa fundi mwingine. Mumo akakubali kufuta, kwa sharti moja: ile mbinu ya mistari mitatu abaki nayo kichwani, awatolee wengine kwa bei yake.

"Kichwa chako siwezi kufuta," alisema Mwelu. "Lakini Kithimani na Kalama usiuze."

"Kithimani tu."

"Na Kalama."

"Kalama mwaka huu tu."

Ijumaa, kamati ya shule iliigeuza tuniki ya saizi ishirini na nane ndani nje. Mwenyekiti akapitisha kidole ubavuni, akaihisi nafasi, akampa mwenzake. Mahad akakata zote mia moja na themanini kwa siku mbili, na Ndila akashona ishirini na nane bila kuvuta kitu. Mwelu hakumwomba radhi; alimpunguzia kazi ya vifungo.

Mumo alipoteza karatasi mbili, mifuko sita na Kalama ya mwaka mzima. Alipata mafundi wanane kutoka masoko mengine waliotaka mistari ya miaka mitatu. Mwelu alipata shule, na akapoteza patani ambazo hakuna mwingine aliyewahi kuziona: nakala zake sasa zinaning'inia juu ya meza ya Mahad, Athi River, na Mahad anajua kuhesabu vikato.