Kapu Lililoshuka Bei kwa Hofu

Nilichaguliwa kuwa mjumbe wa soko kwa sababu mimi ni mwanamke. Hakuna aliyeniuliza kama soko nalijua. Silijui. Nyumbani kwangu anayekwenda sokoni ni yaya, dada yangu mkubwa, aliyehamia kwangu baada ya kufiwa na mumewe, na tangu hapo mimi na bei ya nyanya hatujasalimiana. Lakini katika kiwanda kizima chenye wanaume wenye mikono kama makoleo, mwanamke nilikuwa peke yangu, nikipiga barua za ofisi, na wanaume wanaamini mwanamke huzaliwa akijua kuchagua samaki.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, hapa Likasi. Tunayeyusha vyuma chakavu na kumimina vipuri vya mashine zinazokwenda migodini, Kakanda na kwingineko. Mshahara unalipwa kwa franka, na franka, kama mjuavyo, ni mgeni asiyekaa. Kwa hiyo wafanyakazi na mkurugenzi walikubaliana jambo moja la akili: kila mwaka watu wawili waende sokoni, mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wake, wakapime bei ya kapu. Kapu ni orodha ya vitu ambavyo nyumba moja ya mfanyakazi hutumia kwa mwezi: unga kilo kadhaa, samaki, maharagwe, mafuta, chumvi, sabuni, makala, yaani makaa, ya kupikia. Vitu ni vilevile kila mwaka, kwa kiasi kilekile. Kinachobadilika ni bei tu. Ukijumlisha, unalinganisha na jumla ya mwaka uliopita. Kapu likipanda, mshahara unapanda kwa kiasi hichohicho. Lisipopanda, tunapeana mikono na kurudi kwenye tanuru.

Kuandika orodha hiyo kulikuwa vita kubwa kuliko mazungumzo yote ya mshahara. Nusu ya wafanyakazi ni wa makanisa ya uamsho, nusu ni Wakatoliki, na Wakatoliki walitaka bia iingie kapuni. Walisema kweli tupu: bia wanaitumia, tena kila mwezi, na bei yake inapanda. Wale wa uamsho wakasema hawawezi kupandishiwa mshahara na pombe mbele ya Mungu. Mwishowe tuliandika kreti ya soda. Mkatoliki mmoja alinung'unika kwamba sasa hata kapu limeokoka.

Mwaka ule ninaousimulia, sikuhitaji kapu kuniambia kitu. Pesa niliyompa yaya mwanzoni mwa mwezi, ileile niliyokuwa nikimpa mwaka mzima, ilikuwa imeanza kuisha kabla mwezi haujaisha. Kwanza samaki wakawa wa Jumapili tu. Halafu Jumapili ikawa na sombe tu, majani ya muhogo, kama siku nyingine. Kazini hali ilikuwa hiyohiyo. Wamiminaji chuma walikuwa wanakula mchana mihogo mikavu na maji, na hiyo ni kazi ya kusimama mbele ya moto. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nyongeza ingetoka kwenye kapu au isingetoka kabisa.

Basi nikaenda na muhasibu wa kiwanda. Ni mtu mwaminifu, na hilo ndilo tatizo lake. Alivaa tai. Alining'iniza kitambulisho shingoni. Alibeba ubao wenye karatasi na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Mimi nami, kwa ujinga wangu, nilivaa viatu vya ofisi na koti, maana nilidhani tunakwenda kazini.

Tulianzia kwa mama wa unga. Kwetu unga unapimwa kwa meka, kopo kubwa la bati. Muhasibu akauliza bei. Yule mama alitazama tai, akatazama kitambulisho, akatazama kalamu nyekundu.

"Papa, minye bei yangu iko chini sana," akasema, na akataja bei ya chini kuliko ya mwaka jana.

Nilidhani nimesikia vibaya. Wiki ileile yaya alikuwa amelalamika kuhusu mama huyohuyo. "Mama, sema bei ya kweli," nikamwambia.

"Njo ile, mama. Shiye hatuibie bantu." Ndiyo hiyo, eti wao hawaibii watu.

Kumbe neno lilikuwa limeshatutangulia kwa kasi kuliko moto wa majani. Wauzaji walidhani sisi ni wakaguzi wa bei, wale wanaokuja kutoza faini kwa aliyepandisha bidhaa. Tulipofika kwa samaki, samaki walikuwa wamekuwa rahisi. Mafuta yalikuwa yameshuka. Muuza makala alitaja bei ya chini na kuongeza kwamba anauza hivyo kwa kupenda nchi. Sijawahi kuona soko lenye utakatifu kama ule. Nilitembea kati ya meza nikitaka kulia, na muhasibu akiandika kila uongo kwa mwandiko mzuri.

"Hawa wanaogopa wewe," nilimwambia.

"Mimi naandika ninachoambiwa," akajibu.

Jumla ilipotoka, kapu lilikuwa limeshuka. Kwa makubaliano tuliyotia sahihi wenyewe, nyongeza ilikuwa sifuri. Mkurugenzi alitangaza kwamba Jumatatu tutafunga mazungumzo, na alitabasamu kama mtu aliyeokota noti njiani. Mmiminaji mzee, ambaye huongea mara moja kwa wiki, alinipita uani akasema, "Mama, ulituuzisha kwa bei ya chini." Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu wenzake walicheka, na kwa sababu kwa upande wa hesabu alikuwa sahihi.

Nyumbani nilimsimulia yaya. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mudogo yangu, mulienda soko na kravate?"

"Ni yeye alivaa tai."

"Mulinunua kitu?"

"Hatukununua. Tuliuliza."

Akaendelea kucheka, hakunisaidia kitu, akarudi kwenye sombe lake. Lakini swali lake lilikaa kichwani. Asubuhi, Ijumaa, nilikwenda kwa muhasibu kabla hajanywa chai. Nilimwambia: kama karatasi yako inasema kweli, toa pesa ya kapu la mwaka jana, franka ileile, twende tukanunue kapu zima. Chenji itabaki, kwa sababu bei imeshuka. Chenji hiyo umpelekee mkurugenzi. Ni mtu asiyeweza kustahimili chenji isiyojulikana iko wapi. Alikubali, akaitoa pesa kwenye sanduku, na nikamwapisha asivae tai.

Jumamosi alikuja na jezi ya mpira na kandambili. Alionekana kama mtu aliyeibiwa nguo. Begani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko alikuwa na mizani ya kuning'iniza aliyoiazima bohari, kwa sababu kapu linasema kilo na soko linasema meka, na mara ya kwanza alikuwa amegeuza meka kuwa kilo kwa kipimo cha mwaka jana, bila kupima.

Mama wa unga alitaja bei. Ilikuwa juu kweli. Kisha akamkazia macho mwenzangu.

"Weye si ule wa juzi?"

"Ni mimi."

"Aa. Juzi ilikuwa bei ya serikali. Leo ni bei ya soko."

Muhasibu alimwaga meka moja kwenye mfuko na kuuning'iniza. Ulikuwa mwepesi. Aligeuza kopo akaona kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Kumbe kupanda kwa unga kulikuwa kwa njia mbili: bei ilipanda na kopo likapungua. Ili kufikisha kilo za kwenye orodha, tulihitaji meka za ziada. Mama hakuona haya hata kidogo. Alisema hata yeye gunia analoletewa kutoka Kapolowe halijai kama zamani, na pesa anayopata akiuza gunia moja hainunui tena gunia zima, sasa afanye nini, aimbe?

Tuliendelea. Mimi sijui kupatana bei, na nilikuwa nalipa ninachotajiwa, mpaka muhasibu akanizuia. Alisema bei inayoandikwa ni ile ambayo mnunuzi wa kawaida angelipa baada ya kubishana, si ya mtu aliyepotea. Akabisha yeye, vibaya, lakini akabisha. Maharagwe yalikuwa yameshuka kweli, maana mavuno yalikuwa mazuri. Nilimwomba tuyaruke.

"Kapu ni kapu," akasema. "Kilichoshuka kinaingia pamoja na kilichopanda."

Chumvi ilikuwa imepanda mara mbili, nikaanza kushangilia, naye akanikatiza tena: pakiti moja ya chumvi kwa mwezi haitikisi jumla. Unga ukipanda kidogo tu unatikisa nyumba nzima. Samaki wa ziwa la Tshangalele walitumaliza. Tulipofika kwenye makala, pesa ilikuwa imekwisha. Mafuta, sabuni na ile soda takatifu bado vilikuwa kwenye orodha.

Nilidhani ataifunga hesabu hapo. Alitoa pochi yake mwenyewe. Alinunua makala, mafuta, sabuni, soda, kila kitu kwa kiasi kilichoandikwa, kisha akakaa juu ya kreti ya soda katikati ya soko na kupiga hesabu kwenye simu.

"Mwaka jana mia," akasema. "Leo mia na ishirini na tano kwa vitu vilevile." "Maana yake mia yetu ya leo ni themanini ya mwaka jana. Hata yangu."

Hilo la mwisho alilisema polepole. Naye analipwa kwa franka. Baadaye, tukibeba mizigo, aliniambia kwamba mwezi mzima alikuwa anamuuliza mkewe pesa inakwenda wapi.

Jumatatu aliiweka karatasi mpya mezani, pamoja na kapu lenyewe, samaki na vyote, na ofisi ya mkurugenzi ikanuka kama ufukwe wa ziwa. Mkurugenzi alibisha. Muhasibu alimwonyesha mizani. Alibisha tena, muhasibu akampa kopo lenye kitako kilichogongwa, ambalo alikuwa amelinunua kwa yule mama kama ushahidi. Sahihi ilipatikana: robo zaidi, kuanzia mwezi ule.

"Basi," mkurugenzi akasema akifunika kalamu, "niliwaongezea."

"Apana, patron," nikasema. "Haukuongeza. Ulirudisha."

Alimgeukia muhasibu. Muhasibu alitazama miguu yake, kama bado imevaa kandambili za Jumamosi. "Ni vile, patron," akasema. "Tukienda soko na mushahara mupya, tutarudi na kapu ya mwaka jana. Hakuna samaki hata mumoja juu yake."

Uani walikuwa wananisubiri. Nilipowaambia, walishangilia, mmoja akataka kunibeba na nikakataa kwa sababu ya makoleo yake. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Yule mmiminaji mzee alisubiri kelele zipungue.

"Na ya miezi ilipita, mama? Ile bei ilikuwa inapanda na mushahara ikasimama. Batalipa?"

Nikamwambia hapana. Kapu linapima bei, halilipi deni. Nyongeza inaanza mwezi huu.

"Basi, ile tulishakula," kijana mmoja akasema, akitaka kuchekesha.

Mzee alitikisa kichwa. "Ile njo hatukukula," akasema, na akarudi kwenye tanuru, kwa sababu chuma kilikuwa kimeiva.